Fundi kaingia mitini, nyumba imeishia kwenye lenta

Fundi akishaingia mitini, mwenye nyumba hubaki na namba moja kichwani: jumla ya hela alizompa. "Kala milioni 34 zangu." Namba hiyo ndiyo anayoipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa polisi na kwa wakili. Na hapo ndipo anapoanza kuyumba, kwa sababu fundi akipatikana huja na jibu jepesi: "Mheshimiwa, hela zenyewe si hizo kuta mnazoziona?" Msingi kweli upo. Jamvi lipo, kuta zimesimama. Mwenye nyumba aliyesema kaibiwa zote anaonekana mwongo mbele ya watu wanaoliona boma kwa macho yao.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na sehemu ya kazi yangu ni kupima majengo ambayo wenyewe hawaelewani tena. Mengi ni ya watu nisiowajua. Hii ninayoieleza ni ya mama mdogo wangu, nesi mstaafu, aliyekuwa anajenga Kibaha, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Nimemwomba ruhusa kuandika. Alichosema ni, "Andika mwanangu, ila jina la yule usiliweke, tusije tukageuziwa kibao." Kwa hiyo yeye ni fundi tu.

Mkataba wao ulikuwa wa karatasi mbili, umeandikwa kwa mkono na kushuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mwezi wa tano 2022. Fundi aliahidi kutoa vifaa na ufundi: msingi, jamvi, boma la vyumba vitatu, lenta, kenchi na bati, plasta ndani na nje, sakafu ya saruji, milango ya nje na grili. Hapo mama mdogo angehamia, mambo ya dari na tailizi angeendelea nayo akiwa ndani. Bei milioni 48, kwa awamu nne: 14 za kuanzia, 14 jamvi likikamilika, 12 lenta ikikamilika, na 8 za mwisho kazi ikikabidhiwa. Kumaliza, mwisho wa Desemba mwaka huo huo.

Awamu mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kuta zilipofika kozi ya sita, fundi akampigia: "Mama, mbao za paa nimeshanunua, ziko Mafinga zinasubiri gari. Nipe milioni sita kwenye ile ya lenta, nilipe usafiri na salio, bei isije ikapanda." Akapewa. Kuta zikapanda hadi kozi ya tisa, fomu za lenta zikafungwa, upande mmoja ukamwagwa zege. Halafu Oktoba vibarua wakaacha kuja, simu ikawa inaita bila kupokelewa, mwisho ikawa haipatikani. Hakuna ubao hata mmoja uliotoka Mafinga.

Hesabu yake, basi: mkataba milioni 48, kalipa 34, bado hajalipa 14. Shikilia hizo 14, maana ndizo zinazosahaulika kila mara.

Nilipofika saiti, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumzuia mdogo wake mama mdogo, mjomba wangu, ambaye alikuwa keshapata fundi mwingine wa kuendeleza. Fundi mpya akishamwaga zege lake juu ya la mwenzake, hakuna mtu duniani atakayeweza kusema kwa uhakika nani alifanya nini. Mjomba hakufurahi. "Sasa tukae tunaangalia nondo zinaota kutu?" Ana hoja, na nitairudia, lakini kupima boma la vyumba vitatu ni kazi ya siku moja au mbili, si ya miezi.

Upimaji wenyewe hauna maajabu. Unapima urefu wa kuta na kimo, unatoa nafasi za milango na madirisha, unapata eneo. Tofali la inchi 6 la kawaida, pamoja na udongo wa kuungia, linakwenda kama kumi kwa meta moja ya mraba. Kuta za mama mdogo zilitoka meta za mraba 170, yaani tofali 1,700 kwa kukadiria. Baadaye fundi alikuja kudai ameingiza tofali 2,600. Ukutani hazipo, na chini zilikuwa zimebaki vipande tu. Namba kama hiyo ukiwa nayo mapema, mabishano yanakuwa mafupi sana.

Lakini kiasi peke yake hakitoshi, lazima uangalie na ubora. Nilikwangua tofali kwa msumari. Kwenye kona ya nyuma, upande wa jikoni, msumari ulikuwa unaingia na mchanga unamwagika kama sukari. Tofali za namna hiyo huwa zimetolewa nyingi mno kwenye mfuko mmoja wa saruji. Ile lenta iliyomwagwa ilikuwa na matundu kwa chini, kokoto zinaonekana zimekaa peke yake bila uji, na sehemu mbili nondo na ringi zilikuwa wazi kabisa. Zege halikushindiliwa. Lenta ya hivyo huiachi, unaivunja. Nikapiga picha za kila upande, kila picha futi kamba ikionekana, na mjumbe wa shina akasimama kama shahidi. Tuliandika pia vifaa vilivyobaki: nondo, mbao za fomu, mifuko ya saruji ambayo mitatu ilikuwa imeshaganda.

Hapo mama mdogo akaniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: sasa namdai shilingi ngapi?

Kuna njia mbili za kulijibu. Ya kwanza ni kutazama nyuma. Kazi iliyofanyika, kwa bei za mkataba wao, nilikadiria ina thamani ya milioni 24. Amelipa 34. Kwa hiyo fundi amekaa na milioni 10 ambazo hazina kazi. Watu wengi huishia hapo, na hata baadhi ya mawakili.

Ya pili ni kutazama mbele, na ndiyo ambayo sheria inaielekea. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokea katika mkondo wa kawaida wa mambo kwa sababu ya uvunjaji ule, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu zinafanya mkataba kwamba inaweza kutokea. Hasara za mbali, za kuungaunga, hazimo. Kifungu hiki chimbuko lake ni sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, na huko kimewekewa mifano, mmojawapo ukiwa wa mtu aliyelipwa kabla ili akarabati nyumba, akaikarabati kinyume na makubaliano: mwenye nyumba anastahili gharama ya kuirekebisha mpaka ilingane na mkataba. Yaani lengo ni kumweka mwenye nyumba mahali ambapo angekuwa kama fundi angetimiza neno lake.

Kwa mama mdogo, mahali hapo ni ndani ya nyumba yenye paa na plasta, akiwa ametoa jumla ya milioni 48. Kwa hiyo swali linakuwa: kuifikisha pale leo kutamgharimu kiasi gani, na kati ya hizo ni ngapi ambazo angezitoa hata hivyo? Tulichukua bei kwa mafundi wawili tofauti, kila mmoja kwa maandishi, kwa mchanganuo niliouandaa mimi ili wote wajibu kitu kimoja. Ya chini ilikuwa milioni 31. Ndani yake, milioni 24 ni kazi iliyobaki kwa bei za mkataba wa zamani, milioni 3 ni kuvunja na kurudia lenta na ile kona, na milioni 4 ni kupanda kwa bei za vifaa pamoja na usumbufu ambao kila fundi hutoza akipokea kazi ya mwenzake. Toa zile 14 ambazo mama mdogo hakuwa amelipa. Inabaki 17.

Tofauti ya 10 na 17 haikutokana na uchoyo. Ni lenta mbovu na bei za soko, na vyote viwili vimesababishwa na fundi.

Halafu ikashuka kidogo, na hapa nilikosana na mjomba kwa mara ya pili. Fundi alikuwa ameongeza baraza kwa mbele, haimo kwenye mkataba, lakini mama mdogo mwenyewe ndiye aliyemwambia apanue. Nilithaminisha milioni 1.2. Lazima ihesabiwe upande wa fundi: bei ya mkataba inakuwa kama 49.2, salio lisilolipwa linakuwa 15.2, na dai linashuka hadi milioni 15.8. Mjomba alisema, "Wewe uko upande wa nani?" Lakini fundi akifika mahakamani kitu cha kwanza atakachokitaja ni hiyo baraza, na akikuta umeificha, hakimu ataanza kujiuliza umeficha nini kingine. Ikiwa umeshaitoa mwenyewe, hana cha kushika.

Kodi nayo. Mama mdogo alikuwa amepanga kwa 250,000 kwa mwezi. Tulidai miezi mitano, muda ambao fundi mpya angehitaji kumaliza, milioni 1.25. Kilichotusaidia ni meseji ya WhatsApp aliyoituma kabla hawajasaini: "Fundi, hii nyumba niliyopanga natakiwa niiachie mwisho wa Desemba, ndiyo maana naulizia tarehe." Fundi akajibu, "Usijali mama, Krismasi utakula kwako." Bila meseji hiyo fundi angeweza kusema hakujua kabisa habari za kodi. Alikuja kukana hata hivyo, lakini kwa sauti ya chini. Jumla ya dai: milioni 17.05.

Nimeirukia hesabu kabla ya barua, lakini barua ilitangulia, na bila barua hesabu hii inakosa miguu.

Kutoonekana saiti siyo lazima kuwe ni kuvunja mkataba. Fundi anaweza kusema aliumwa, au alikuwa anasubiri nondo, au salio la awamu ya lenta lilikuwa halijalipwa, au kubwa zaidi, kwamba ni mwenye nyumba aliyemfukuza kwa kuleta fundi mwingine. Hili la mwisho ndilo linalogeuza kesi: mvunjaji anakuwa wewe, na fundi anakudai. Kifungu cha 39 kinakuruhusu kuusitisha mkataba mwenzako akikataa kuutekeleza au akijiweka katika hali ya kutoweza kuutekeleza. Kifungu cha 55 kinahusu muda: kama pande zote zilikusudia kwamba muda ni kiini cha mkataba, ukipita unaweza kuusitisha, kama haukuwa kiini, unabaki na fidia tu ya ucheleweshaji. Kwenye ujenzi tarehe kuandikwa tu haitoshi kuufanya muda uwe kiini, na mkataba wa mama mdogo ulikuwa na tarehe bila neno jingine. Dawa yake ni notisi inayompa fundi muda wa haki wa kurudi na kumwambia wazi kitakachofuata asiporudi.

Barua yetu haikuwa ndefu. Sehemu yenye uzito ilisomeka hivi: "Tangu mwezi Oktoba umeacha kufika saiti bila taarifa. Nakupa siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea barua hii urudi na kuendelea na kazi kwa mujibu wa mkataba wetu. Tarehe 26 Novemba saa nne asubuhi kazi iliyofanyika itapimwa. Unaalikwa kuwapo wewe au mtu wako. Usiporudi ndani ya muda huo, nitachukulia kuwa umekataa kutekeleza mkataba, nitausitisha, nitamtafuta fundi mwingine na nitakudai tofauti ya gharama." Hakuna matusi, hakuna "tapeli wewe". Ilipelekwa nyumbani kwake kwa mkono na mjumbe, mkewe akapokea na kusaini. Ikapigwa picha, ikatumwa WhatsApp kwenye namba zake zote mbili. Serikali ya mtaa ikabaki na nakala yenye mhuri. Mwaliko wa kupima una kazi yake: asipokuja, hawezi baadaye kulalamika kwamba alipimwa kisirisiri.

Siku 14 zikaisha. Hakuja wala hakutuma mtu.

Sasa nirudi kwenye hoja ya mjomba kuhusu kutu. Sheria iko upande wake zaidi ya alivyojua. Kifungu kile kile cha 73 kinataka, wakati wa kukadiria hasara, zihesabiwe pia njia zilizokuwepo za kuipunguza. Mwenye nyumba akiacha boma linyeshewe misimu miwili ya masika, nondo zikaoza na kuta zikanywa maji, halafu akamdai fundi gharama ya yote hayo, hatapata yote. Kwa hiyo baada ya kupima tulifunika nondo zilizochomoza, saruji nzima tukaihamishia stoo ya jirani, na muda wa notisi ulipoisha fundi mpya akaingia kazini. Huhitaji kusubiri hukumu ndipo uezeke. Unachohitaji ni vipimo vya kabla na risiti za baada.

Upande wa wapi pa kwenda, watu hupoteza muda mwingi kwenye milango isiyo yao. Mama mdogo alishauriwa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa sababu jina lina "nyumba" ndani yake. Mabaraza hayo yanashughulikia migogoro ya ardhi: nani mwenye kiwanja, mpaka uko wapi. Hapa hakuna aliyebishia kiwanja. Hili ni shauri la mkataba, linakwenda mahakama za kawaida.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni mlango mwingine. Ukiwa umempa kazi mkandarasi aliyesajiliwa, bodi inaweza kumchukulia hatua hadi kumfuta kwenye daftari, na anayeishi kwa zabuni hilo linamwogopesha kuliko mahakama. Ila bodi haikurudishii hela yako. Na fundi wetu hakuwa amesajiliwa popote, kama ilivyo kwa mafundi wengi wanaojenga nyumba za kuishi mitaani, kwa hiyo hakukuwa na cha kumfuta.

Polisi nako tulifika. Afisa wa zamu alisikiliza kidogo akasema ile kauli maarufu: "Mama, hii ni kesi ya madai." Kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu linahitaji uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. "Nitamaliza Desemba" ni ahadi ya mbele, na kushindwa kuitimiza siyo jinai hata kama inauma. Lakini ile ya mbao ni habari nyingine. "Nimeshanunua, ziko Mafinga zinasubiri gari" ni kauli kuhusu kitu ambacho ama kimefanyika ama hakijafanyika, na kwa kauli hiyo zilitoka milioni 6. Tulipoieleza hivyo, tukitenga milioni 6 kutoka kwenye zile nyingine, afisa alichukua maelezo na kufungua jalada. Sikutegemea mengi kutoka huko. Kesi ya jinai inaendeshwa na serikali kwa kasi yake, na fundi akifungwa hakuna paa litakalopanda. Kuna pia ubaya wa kumkamatisha mtu ili tu alipe: akiachiwa kwa dhamana usiku huohuo, vitisho vyako vimeisha nguvu. Jalada lilikuwa na faida moja, kwamba fundi aliyekuwa hapatikani alianza kupatikana.

Kwenye mahakama tulikuwa na uchaguzi. Mahakama ya Mwanzo ni nafuu na iko karibu, na dai letu lilikuwa chini ya kikomo chake cha milioni 30. Wakili tuliyemwona alituelekeza Mahakama ya Wilaya. Sababu yake ni kwamba sheria inaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kusikiliza deni litokanalo na mkataba, na sehemu ya dai letu, kama kodi na gharama za kuvunja lenta, ni fidia inayohitaji kuthibitishwa, siyo deni lililo wazi. Akaona si vyema kumpa fundi pingamizi la bure. Kama mama mdogo angeamua kudai zile hela zilizozidi kazi tu, pengine tungebaki Mahakama ya Mwanzo. Haraka haikuwepo kisheria, maana dai la mkataba lina miaka sita kabla halijafungiwa mlango, lakini mashahidi huhama na meseji hupotea simu ikiibiwa.

Habari ya meseji, usitegemee picha ya kioo cha simu peke yake. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, ila utaulizwa umetoka kwenye kifaa gani na umetunzwaje, kwa hiyo simu yenyewe ikae. Miamala ya M-Pesa tuliiombea taarifa kutoka kwa mtoa huduma. Na mkataba wetu ulikuwa haujalipiwa ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi. Ushuru unalipika baadaye pamoja na adhabu yake, na tuliulipa kabla ya kufungua shauri.

Mashauri ya madai hupitia usuluhishi kwanza, na hapo ndipo letu lilipoishia. Fundi alikuja amevaa shati jeupe, mnyenyekevu kweli kweli. "Mama, nisamehe. Hela zako ziliingia kwenye nyumba ya mteja mwingine, na yeye akanigeuka." Niliamini, maana ndivyo kazi nyingi hizi zinavyokufa. Fundi anachukua malipo ya awali ya Kibaha kuziba tundu la Chanika, na ya Chanika kuziba la Bunju, mpaka siku mteja mpya anakosekana. Kwa anayemdai, hilo lina maana moja kubwa: mtu huyu hana hela. Kumshinda kwa milioni 17 ni jambo moja, kuziona ni lingine.

Kwa hiyo kabla ya kutaja namba tulichunguza ana nini. Wengi hufikiri hukumu ikitoka dalali wa mahakama anakwenda kubeba kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakinga baadhi ya mali zisikamatwe, na kati ya hizo ni zana za kazi za fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Yaani mabero, mwiko na pima maji havikamatiki, na nyumba yake pia. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Kilichobaki ni kiwanja kimoja kitupu alichonunua kwa hati ya mauziano ya serikali ya mtaa.

Tulikubaliana milioni 12: tatu siku ya kusaini, tisa kwa miezi kumi na miwili ya 750,000. Mjomba aliona tumetupa milioni tano. Mimi niliona tumeuza mabishano ya kodi, rufaa na miaka kadhaa ya kuhudhuria mahakamani kwa bei inayoeleweka. Masharti ambayo sikutaka yaachwe yalikuwa mawili kwa pamoja: makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe tuzo ya kukazwa, yaani amri ambayo mahakama inaweza kuitekeleza, siyo karatasi ya ukumbini; na ndani yake kiandikwe kile kiwanja kwa mipaka yake kama dhamana, hati ya mauziano ikabidhiwe, na akikosa awamu moja salio lote lidaiwe kwa mkupuo. Mkewe alisaini kuridhia, maana kuweka dhamana kiwanja kilichonunuliwa ndani ya ndoa bila ridhaa yake ni kesi nyingine inayokungoja.

Alilipa tatu. Alilipa awamu tatu za mwanzo. Ya nne hakulipa, simu ikarudi kule kule kutopatikana.

Safari hii hakukuwa na haja ya kuanza upya. Maombi ya kukazia yakapelekwa mahakama ile ile, amri ya kukamata kiwanja ikatoka, nakala ikabandikwa kiwanjani na kwenye ofisi ya mtaa. Majirani wakasoma. Ndani ya wiki hiyo fundi akaleta milioni 4 kwa mama mdogo mwenyewe, mkononi, akiomba asiuziwe. Mama mdogo alizipokea mbele ya mwenyekiti na kuandikishana, kisha wakili akaijulisha mahakama, kwa sababu malipo ya nje yasiyoripotiwa huja kuleta ubishi. Zimebaki milioni 2.75. Maombi ya mnada yamesimamishwa lakini zuio la kiwanja halijaondolewa, na tuzo ina miaka 12 ya kukazwa, kwa hiyo hatumkimbizi.

Paa lilishapanda zamani, kwa bati la geji 28 na mbao zilizonunuliwa Buguruni kwa fedha taslimu, mama mdogo akiwa amesimama pale pale anazihesabu.